Tuta la Tarakea: Wifi wawili, karoti za miguu na kazi ngumu ya kung'oa mche mzima

TARAKEA/ILLASIT. Rundo lilikuwa kwenye turubai kuukuu, kando ya nyumba iliyo mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Tanzania na Kenya. Zilikuwa karoti za msimu mzima, zimeng'olewa asubuhi hiyo hiyo, na mnunuzi aliyetoka upande wa Illasit alikuwa ameshaondoka. Alichagua kiasi kisichojaza hata ndoo. Zilizobaki alisema hazina soko: nyingine nyembamba kama kidole, nyingine zimegawanyika miguu miwili au mitatu, nyingine zimesokotana kama kamba.

Mama mwenye tuta alikuwa ameweka hesabu ya ada ya mtoto juu ya rundo lile. Alikuwa ameshafikia uamuzi wake: udongo wa pale haufai karoti, msimu ujao atapanda sukuma wiki. Aliyembadilisha mawazo ni wifi yake, aliyeolewa upande wa Kenya, ambaye alivuka kuja kumjulia hali na kulikuta rundo halijaguswa. Wifi hakuanza na ushauri. Alichuchumaa kwenye turubai akaanza kuzigawa karoti zile katika mafungu, kama mtu anayepanga nyanya za kuuza.

Fungu la kwanza lilikuwa la karoti ndefu, zilizonyooka, lakini nyembamba. La pili lilikuwa la zile zilizosokotana mbili mbili. La tatu, la karoti za miguu. Fungu la nne lilikuwa dogo, la karoti zilizopasuka kwa urefu, na chache sana za mwisho zilikuwa na mabega ya kijani. Kisha akamweleza wifi yake kwamba kila fungu lina sababu yake, na kwamba hakuna hata fungu moja linaloonyesha udongo mbaya.

Maelezo yale ndiyo kiini cha habari hii, kwa sababu karoti ni zao linaloandika historia yake lenyewe. Mkulima wa mahindi akikosea wiki ya pili anaweza kubahatisha tu kilichotokea. Wa karoti ana ushahidi mkononi.

Karoti nyembamba iliyonyooka inasema ilikosa nafasi. Mzizi wa karoti hushuka kwanza, hunenepa baadaye. Katika wiki chache za mwanzo, wakati majani bado ni machache na mtu anadhani hakuna kinachoendelea, mzizi tayari unashuka chini na urefu wake unaamuliwa. Kunenepa huja baada ya hapo, na kunahitaji majani yanayopata mwanga na udongo usiogombaniwa na jirani. Karoti zilizosongamana hupata urefu, zikakosa unene. Zilizosokotana ni kosa hilo hilo, ila zenyewe mbegu zilidondoka mahali pamoja kabisa na hakuna aliyeondoa hata moja.

Karoti ya miguu ina hadithi tofauti. Ncha ya mzizi ule wa mwanzo ni laini mno. Ikikutana na jiwe, bonge gumu, kipande cha mti au samadi mbichi, ncha hufa au husimama, na mmea hutoa mizizi mingine pembeni kuchukua nafasi yake. Kila mmoja hunenepa, na hapo ndipo miguu inapotokea. Wifi alizigeuza karoti za fungu hilo moja moja kutazama kama zina vinundu kwenye mizizi midogo, kwa kuwa minyoo midogo ya udongoni, isiyoonekana kwa macho, nayo huharibu ncha na kuleta miguu, lakini huacha vinundu kama shanga. Hakuona kinundu hata kimoja. Akauliza samadi ilitoka wapi. Ilitoka zizini, moja kwa moja, siku mbili kabla ya kupanda.

Zilizopasuka zilitokana na maji ya kupishana: tuta liliachwa likauka, kisha likamwagiliwa sana kwa siku moja, na mzizi ukavimba ndani haraka kuliko ngozi yake ilivyoweza kutanuka. Mabega ya kijani yalipigwa jua kwa sababu udongo ulisombwa na mvua na kuacha kichwa cha karoti nje. Haya mawili ni makosa madogo. Samadi mbichi na msongamano ndivyo vilivyokula ada ya mtoto.

Upande wa pili wa tuta lile lile kulikuwa na vitunguu maji, navyo havikuwa vimefanya vizuri zaidi. Penye msongamano vilikuwa vidogo, vimekomaa mapema. Mahali ambapo mama alirudia kuweka samadi katikati ya msimu, akidhani vina njaa, majani yalikuwa mazito ya kijani na shingo zilikuwa nene kama dole gumba, zisizolala chini wala kukauka. Kitunguu cha shingo nene hakikai ghalani. Huoza kuanzia juu, kwa sababu mlango wake haukufungwa.

Kwa makubaliano ya wifi wawili, msimu uliofuata tuta lile lile lilipandwa tena, vitu vile vile. Aliyevuka mpaka kwa ajili ya kazi hiyo alikuja mara nne: siku ya kupanda, siku mbili za kupunguza miche, na siku ya kung'oa karoti.

Tuta lenyewe

Tuta hilo lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Upana wa mita 1 umechaguliwa kwa sababu ya mkono wa binadamu: mtu akichuchumaa pembeni anafika katikati bila kukanyaga juu. Tuta linalokanyagwa hupoteza faida yake yote. Udongo ulioinuliwa hadi goti umezuiwa kwa mabanzi ya mbao pembeni, lakini mbao si lazima. Wengi wa mitaa hiyo huinua udongo kwa sentimita 20 hadi 30 na kuupiga kingo kwa mgongo wa jembe.

Kilichopewa muda mrefu zaidi ni kina. Udongo ulilimwa kwa jembe uma hadi sentimita 30 kwenda chini, kisha ukachekechwa kwa reki mara mbili, moja siku ya kwanza na nyingine baada ya siku tatu, mabonge yalipokuwa yamelainika kwa maji. Miteremko ya Kilimanjaro ina udongo wa volkano, mwepesi na mzuri, lakini una mawe. Ndoo kadhaa za vijiwe zilitoka katika nusu ya tuta iliyotengwa kwa karoti. Nusu ya vitunguu haikusumbuliwa kiasi hicho, kwa sababu mizizi ya kitunguu ni mifupi, hukaa zaidi katika udongo wa juu, na kitunguu chenyewe si mzizi kabisa. Ni makalio ya majani yaliyojaa chakula. Kila jani la kijani linaloonekana juu ni gamba moja ndani. Ndiyo maana kitunguu chenye majani machache hakiwezi kuwa kikubwa hata kikipewa maji yote ya mto.

Samadi safari hii ilikuwa imekaa shimoni miezi mingi, imegeuka nyeusi, haina harufu wala mabua yanayotambulika. Kwa upande wa karoti iliwekwa kidogo sana na kuchanganywa hadi chini. Upande wa vitunguu ulipata zaidi, takriban ndoo moja kwa kila mita ya tuta, yote kabla ya kupanda. Wifi alisisitiza kwamba hakuna samadi itakayorudi katika tuta hilo baada ya vitunguu kuanza kuvimba, hata kama majani yataonekana kuomba.

Kuna jambo ambalo wanaouza wazo la matuta ya kuinua hawalisemi mara nyingi. Tuta lililoinuliwa hukauka haraka. Nyanda za juu zenye mvua, kama Rombo, Kinangop, Lushoto, Musanze au Kabale, hilo ni neema kwa sababu maji hayatuami na kuozesha mizizi. Ukishuka kwenye joto na ukame ni mzigo. Huko Mang'ola, wilayani Karatu, karibu na Ziwa Eyasi, vitunguu ambavyo soko la Nairobi linavijua sana hulimwa katika majaruba, yaani vitalu vya chini vyenye kingo, ili maji ya mfereji yatulie. Mwenye shamba la aina hiyo akiinua matuta atamwagilia mchana na usiku.

Mbegu na mchanga

Karoti haipandikizwi. Mtu anaweza kuotesha kabichi, nyanya au vitunguu kitaluni kisha akavihamisha, lakini karoti ikihamishwa ncha yake hukatika na miguu hurudi. Ni lazima mbegu iwekwe pale pale itakapokulia, na hapo ndipo ugumu wote unapoanza, kwa kuwa mbegu ya karoti ni ndogo mno. Gramu moja ina mamia ya mbegu. Mkono hauwezi kuitoa moja moja, hivyo mkulima hunyunyiza, na anaponyunyiza huzidisha.

Dawa yake ni mchanga. Wifi alipima kijiko kimoja cha chai cha mbegu, kisichojaa hadi juu, akakichanganya na vikombe viwili vya mchanga mkavu uliochekechwa. Mistari ya karoti ilichorwa kwa kijiti ikikata tuta kwa upana, kila mstari urefu wa mita 1, na nafasi kati ya mstari na mstari sentimita 25. Katika mita 3 za tuta inaingia mistari 12. Mchanga wenye mbegu uligawanywa katika mafungu 12 yanayolingana, fungu moja kwa kila mstari, likamwagwa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kwa njia hiyo mstari mmoja ulipata mbegu mia moja na zaidi kidogo, yaani karibu mbegu moja kwa kila sentimita. Msimu wa nyuma mama alikuwa amemwaga pakiti nzima kwenye eneo hilo hilo, kwa kutupa kwa mkono.

Mifereji ilikuwa ya kina cha sentimita 1 tu. Mbegu ya karoti ikizikwa chini zaidi, nguvu yake huisha kabla haijaona jua. Ikiachwa juu, hukauka. Baada ya kufunika kwa udongo mwembamba uliochanganywa na mboji, tuta lilimwagiliwa kwa kopo lenye matundu madogo na kufunikwa na majani makavu ya migomba.

Majani hayo yana kazi moja muhimu. Karoti huchelewa kuota, siku 7 kama kuna joto la kutosha, hadi wiki 2 au 3 penye baridi, na katika siku zote hizo uso wa udongo haupaswi kukauka hata mara moja. Ukikauka, hujifunga gamba gumu, na mche wa karoti hauna nguvu ya kulivunja. Wakulima wengi hulalamika kuwa wameuziwa mbegu mbovu kumbe mbegu ziliota na kufia chini ya gamba. Namna ya kujua ni rahisi: kwangua kidogo kwa kidole baada ya wiki mbili. Ukikuta vijimche vyeupe vilivyopinda na kunyauka, tatizo ni gamba. Ukikuta mbegu zimekaa vile vile, basi ni mbegu, na hapo tazama tarehe kwenye pakiti, kwa sababu mbegu za karoti na za vitunguu huzeeka haraka kuliko za mboga nyingi.

Tarakea miche ilianza kuonekana siku ya 11. Majani ya migomba yaliondolewa jioni hiyo hiyo. Yangebaki siku mbili zaidi, miche ingekua mirefu na dhaifu ikitafuta mwanga.

Upande wa vitunguu, mistari 15 ilichorwa kwa nafasi ya sentimita 20, na mbegu zikawekwa kwa kina hicho hicho cha sentimita 1. Wakulima wengi wa Afrika Mashariki huotesha vitunguu kitaluni na kuvihamisha vikiwa na wiki 6 hadi 8. Kwa shamba kubwa ndiyo njia inayofaa, maana mbegu ni ghali. Kwa tuta dogo la nyumbani, kupanda moja kwa moja kunaokoa kazi, ila kunadai kupunguza.

Aina za mbegu zilichaguliwa kwa makini kiasi. Kwa karoti walichukua Nantes, ile ya mviringo mrefu yenye ncha butu ambayo soko linaipenda. Mwenye udongo mzito au usio na kina angechagua Chantenay, fupi na pana mabegani. Kwa vitunguu walichukua Red Creole. Hapa kuna mtego ambao umewakuta watu wengi wenye ndugu Ulaya. Kitunguu huanza kuvimba kwa kuhesabu urefu wa mchana, na aina za nchi za kaskazini husubiri mchana wa saa 14 au zaidi, ambao karibu na ikweta haufiki kamwe. Pakiti nzuri ya zawadi ikitoka huko hutoa majani mazuri mwaka mzima bila kitunguu hata kimoja. Aina zinazofaa ukanda huu ni zile za mchana mfupi, kama Red Creole, Bombay Red na Texas Grano.

Siku ya kung'oa

Wiki ya tano tangu kupanda, miche ya karoti ikiwa na urefu wa sentimita 5 hivi na majani mawili au matatu yenye mikato mikato, wifi alivuka tena. Hii ndiyo siku ambayo mama alikuwa hajawahi kuifanya kwa ukamilifu, na alikiri sababu yake bila aibu: mche umeota, uko hai, umemwagiliwa kwa maji yaliyobebwa kichwani. Kuung'oa na kuutupa ni kama kumwaga maziwa.

Walianza jioni, jua likiwa limepoa. Tuta lilimwagiliwa kwanza, wakasubiri maji yazame. Udongo mkavu hushika mche na kuung'oa pamoja na jirani yake. Udongo uliolowa humwachilia mmoja tu. Mkono wa kushoto hukandamiza udongo pembeni mwa mche unaobaki, wa kulia huvuta unaotoka kwa kuushika karibu kabisa na udongo, taratibu, moja kwa moja juu. Penye miche miwili iliyobanana sana hawakuvuta. Walikata mmoja kwa kucha usawa wa udongo, maana mzizi uliokatwa kichwa hufa wenyewe bila kumsumbua mwenzake.

Katika mzunguko huo wa kwanza walibakiza mche mmoja kila baada ya sentimita 2 au 3. Hawakwenda moja kwa moja kwenye nafasi ya mwisho, kwa kuwa bado kuna wadudu wanaokata miche usiku, kuna kuku, kuna mvua ya mawe. Akiba inahitajika. Waliobakizwa walikuwa wale wenye majani mapana na shingo imara, hata kama kwa kufanya hivyo nafasi hazikulingana kama rula. Kisha udongo ulirudishwa kwa vidole kwenye mashimo, na tuta likamwagiliwa mara ya pili ili udongo ukumbatie mizizi iliyotikiswa.

Mzunguko wa pili ulikuja wiki tatu baadaye. Safari hii walifika sentimita 5 kati ya mche na mche. Mwenye kutaka karoti kubwa zaidi angeweza kuacha hadi sentimita 8, lakini mnunuzi wa Illasit hataki karoti kubwa za kupasua. Anataka za wastani, zinazolingana. Zilizotoka katika mzunguko huu hazikutupwa. Zilikuwa na unene wa penseli, tamu, zikaishia kwenye sufuria ya nyumbani, na majani yakaenda kwa mbuzi. Mama alisema kwamba hapo ndipo uchungu ulipopungua.

Hesabu ya baada ya kazi hiyo ilikuwa hivi. Mstari wa mita 1 wenye karoti kila sentimita 5 unabaki na karoti 20. Mistari 12 inatoa 240. Karoti ya wastani ya Nantes iliyopata nafasi yake hufikia gramu 80 hadi 100, kwa hiyo nusu ya tuta inaweza kutoa kilo 20 hivi, kama hakuna kilichopotea. Mama alikuwa amezoea kuhesabu miche, na kwa hesabu ya miche msimu wa nyuma alikuwa tajiri: zaidi ya elfu moja katika eneo lile lile. Mnunuzi aliondoka na isiyojaza ndoo.

Kwa vitunguu mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu mche wa kitunguu unaong'olewa haufi. Katika mzunguko wa kwanza, miche ikiwa na urefu wa kiganja, walibakiza mmoja kila sentimita 4 au 5. Iliyotoka ilikuwa midogo mno kuhamishwa, ikakatwakatwa kwenye mboga. Wiki ya nane, miche ikikaribia unene wa penseli, waling'oa mmoja na kuacha mmoja hadi wakafika sentimita 10, na iliyotoka ikapandwa kuziba mapengo na kwenye ukingo wa tuta la jirani. Ilipandwa kwa kina kifupi, mizizi tu na kitako chake vikifunikwa. Mazoea ya kupandia udongo shingoni, kama mtu anavyofanya kwa viazi, ni adui wa kitunguu: hukinyima nafasi ya kutanuka na huifanya shingo ibaki na unyevu.

Ni kinyume kabisa na karoti, ambayo wifi aliipandishia udongo mabegani mara mbili ili jua lisiigeuze kijani. Tuta moja, mikono miwili yenye tabia tofauti. Hilo ndilo linalowachanganya wanaopanda mistari ya karoti na vitunguu kwa kupishana, mmoja huku mwingine kule, kwa sababu inapendeza macho. Hapa waliligawa tuta katikati, na sababu kubwa ilikuwa maji.

Maji ya mwisho

Karoti inataka unyevu usiobadilika hadi siku ya kung'olewa. Kitunguu kinataka unyevu hadi kivimbe, kisha kikaushwe. Vikichanganywa mstari kwa mstari, mkulima atamkosea mmoja wao mwishoni. Bahati ni kwamba havikomai pamoja. Karoti za Tarakea zilikuwa tayari wiki ya 15. Vitunguu vilivyopandwa kwa mbegu siku ile ile vilihitaji zaidi ya mwezi mmoja mbele.

Kati ya mizunguko ya kupunguza na mavuno kazi ilikuwa kupalilia, hasa upande wa vitunguu. Majani ya kitunguu ni kama vijiti, hayatoi kivuli cha kuzuia magugu, na mizizi yake mifupi hushindwa haraka kwenye ugomvi wa chakula. Palizi ilifanywa kwa mkono na kijembe kidogo, juu juu, kwani jembe likizama sentimita 5 tu hukata mizizi ya kitunguu chenyewe.

Siku ya kung'oa karoti, wifi hakukubali tuta zima ling'olewe kwa kutazama majani. Alifukua udongo kwa kidole kwenye karoti tatu za mistari tofauti kupima mabega. Mbili zilikuwa na upana wa sentimita 3, moja ilikuwa bado. Mistari ya ukingoni, iliyopata jua zaidi, iling'olewa siku hiyo. Ya katikati ilingoja siku nane. Tuta lilikuwa limemwagiliwa jana yake, jembe uma likaingizwa pembeni na kuinua udongo, karoti zikatoka bila kuvunjika. Majani yalikatwa papo hapo na kuachwa kikonyo kifupi, kwa sababu majani yakiachwa huendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi, na karoti hulegea kabla ya kufika sokoni.

Kwenye turubai lile lile kuukuu mafungu yalipangwa tena. La miguu lilikuwepo, dogo, likitoka zaidi kwenye mstari mmoja wa mwisho ambako banzi la mbao lilikuwa limeoza na kuingiza vijiwe. Lililopasuka lilikuwa na karoti tatu. Nyembamba zilikuwa chache. Mnunuzi alipima ndoo baada ya ndoo bila kuchagua sana, akauliza vitunguu vitakuwa tayari lini.

Jibu lilikuwa kwamba bado. Majani ya vitunguu yalikuwa yamesimama, mengine yana manane au tisa, na vichwa vilikuwa vimeanza kusukuma udongo pembeni. Maji yataendelea hadi majani ya nusu ya tuta yaanguke yenyewe shingoni. Hayatakanyagwa wala kukunjwa kwa mkono kuharakisha, jambo ambalo wengine hufanya na kuishia kufungua njia ya kuoza. Yakishaanguka, maji yatakatwa, vitunguu vitang'olewa baada ya wiki moja hivi na kutandazwa kivulini penye upepo hadi shingo zikauke na magamba ya nje yaanze kuchakarika. Baadhi vitavuka mpaka, vingine vitabaki kwenye nyavu juu ya jiko.

Nusu ya tuta iliyobaki wazi ilikuwa na shimo shimo za karoti zilizong'olewa. Mama alitaka kuipanda karoti tena wiki ile ile, bei ikiwa bado nzuri. Wifi alimkatalia. Alimwambia apande kwanza zao jingine lisilolisha minyoo hiyo, maana hakuona vinundu vya minyoo msimu huu na hataki kuviona msimu ujao. Mabishano yalikuwa bado yanaendelea alipochukua mfuko wake na kuanza kuteremka kuelekea Illasit.